Kengele za Asilimia Zinazodanganya: Mwongozo Kamili wa Kuweka Kima cha Chini cha Idadi

Saa nane usiku simu inalia: "Malipo yaliyofeli yamepanda kwa asilimia 150." Unaamka, unawasha kompyuta, unatafuta. Baada ya dakika 20 unagundua kwamba wiki iliyopita saa kama hii yalifeli malipo mawili, na usiku huu yamefeli matano. Hakuna seva iliyoanguka wala benki iliyokata mawasiliano. Matatu yameongezeka, basi.

Wengi niliokaa nao kurekebisha kengele za namna hii huanza na dawa ile ile: wanapandisha kizingiti kutoka asilimia 50 hadi 100, halafu 200. Usiku kengele inaendelea kulia, kwa sababu kutoka 1 kwenda 7 ni asilimia 600. Mchana inakuwa kiziwi, kwa sababu hitilafu ya kweli mara nyingi haifiki asilimia 200. Wengine wanasikia habari za kima cha chini cha idadi, yaani idadi ya matukio ambayo chini yake asilimia isitumike, wanakiweka mahali pasipo pake, kengele inanyamaza, wanafurahi. Wiki kadhaa baadaye malipo yanaporomoka kabisa na hakuna anayeambiwa.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kengele inayohesabu malipo yaliyofeli kila saa na kuyalinganisha na saa ile ile ya wiki zilizopita. Namba nimezitunga ndogo makusudi ili uweze kuzihakiki kwa kikokotoo.

## Vitu vya kuandaa

- Idadi halisi ya matukio kwa kila saa, angalau wiki 8 zilizopita. Asilimia zilizokwisha kukokotolewa hazitakusaidia.
- Kanuni ya kengele ya sasa, neno kwa neno: inalinganisha nini na nini, na inalia ikifika wapi.
- Orodha ya kengele zilizolia katika wiki hizo, na alama kwa kila moja: ilikuwa hitilafu ya kweli au hapana.
- Lahajedwali la kujaribia. Hifadhidata yenye SQL utaihitaji mwishoni tu.

Orodha ya kengele ndiyo watu huiruka. Usiiruke. Bila hiyo hutajua kama umetibu ugonjwa au umemziba mgonjwa mdomo.

## Hatua ya 1: Rudi kwenye idadi, na ujaze sifuri

Panga data iwe mstari mmoja kwa kila saa: wakati, na idadi ya malipo yaliyofeli. Hapo kuna mtego mmoja unaoharibu kila kitu kinachofuata.

Mfumo ukihesabu matukio kwa makundi ya saa, saa ambayo haikuwa na tukio lolote haionekani kabisa. Haiandikwi sifuri, inakosekana tu. Ukichukua wastani, saa hizo zinaachwa nje na wastani unapanda. Chukua wiki nne zenye 0, 2, 0 na 2. Wastani wake ni 1, lakini mfumo ulioruka sifuri utakwambia 2.

Tengeneza kwanza orodha ya saa zote, kisha bandika idadi juu yake, na kila penye pengo weka 0. Hata hivyo, hakikisha pengo ni sifuri ya kweli. Kama ukusanyaji wa data ulikatika saa hiyo, acha wazi na uiweke alama.

Utajuaje umefaulu: wiki moja ina mistari 168 kamili. Wiki nane zina 1,344. Ukipata pungufu, kuna saa zimepotea.

## Hatua ya 2: Pima mtikisiko wa kawaida

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, kwa hiyo tuipe nafasi.

Hizi hapa ni wiki nane za saa moja ya usiku, kuanzia saa nane hadi saa tisa, siku ile ile ya wiki. Hakuna hitilafu iliyotokea katika wiki yoyote.

| Wiki | Idadi | Badiliko kutoka wiki iliyotangulia |
|---|---|---|
| 1 | 3 | – |
| 2 | 6 | +100% |
| 3 | 2 | −67% |
| 4 | 5 | +150% |
| 5 | 4 | −20% |
| 6 | 1 | −75% |
| 7 | 7 | +600% |
| 8 | 4 | −43% |

Wastani ni 4. Kengele inayolia idadi ikipanda kwa asilimia 50 ingelia mara tatu katika malinganisho saba, na mara zote tatu ingekuwa imedanganya.

Sasa tazama saa ya mchana, kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi, katika wiki zile zile: 118, 131, 109, 124, 97, 126, 140, 115. Wastani ni 120. Mruko mkubwa kabisa wa kupanda ni kutoka 97 kwenda 126, yaani asilimia 30. Kanuni ile ile, kizingiti kile kile, na kengele haikulia hata mara moja.

Tofauti ya saa hizi mbili si ubora wa huduma. Ni ukubwa wa namba. Matukio yanayotokea kila moja kwa wakati wake, bila kusubiriana, huyumba juu na chini ya wastani kwa kiasi kinachokaribia kipeuo cha pili cha wastani huo. Huu ndio mtawanyo wa Poisson, na kwa kazi yetu inatosha kushika jambo hilo moja. Wastani ukiwa 4, myumbo wa kawaida ni 2, ambao ni nusu nzima ya wastani. Wastani ukiwa 100, myumbo ni 10, sawa na asilimia 10. Ukiwa 10,000, myumbo ni 100, asilimia 1 tu.

Kwa hiyo unapoiambia kengele ilie kwa asilimia 50 pale penye wastani wa 4, unaiambia ilie kwa myumbo wa kawaida. Ukiulinganisha usiku wenye wastani wa 4 na usiku mwingine wenye wastani huo huo, uwezekano wa kuona ongezeko la asilimia 50 au zaidi kwa bahati tu ni takriban tatu kati ya kumi. Usishangae kwamba timu imezoea kuizima bila kuisoma.

### Je, data yako inayumba zaidi ya hapo?

Kipeuo cha pili ni myumbo wa chini unaoweza kuutarajia. Data nyingi za kweli huyumba zaidi, kwa sababu matukio huja kwa mafungu. Kuipima hali hiyo, gawanya varianzi kwa wastani. Kama namba za saa moja ziko kwenye seli B2 hadi B9:

```
=VAR.S(B2:B9)/AVERAGE(B2:B9)
```

Jibu likiwa karibu na 1, matukio yanakuja moja moja. Likiwa 2 au 3, yanakuja kwa mafungu. Saa yetu ya usiku inatoa 1. Saa ya mchana inatoa takriban 1.5. Tutaiita namba hii uwiano wa mtawanyiko.

Angalizo: namba nane zenyewe ni sampuli ndogo, na uwiano wa saa moja pekee unaweza kukupotosha kwa njia ile ile tunayoikimbia hapa. Ukokotoe kwa saa zote 168 za wiki, kisha uchukue thamani iliyo kati. Katika mfano wetu tuseme imetoka 1.5.

Ukipata uwiano unaozidi 4, usiendelee mbele. Tafuta kwanza chanzo. Usiku mmoja niliamshwa na kengele ya malipo yaliyofeli, nikafungua kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari. Mistari mitano, namba ya mteja ile ile, kiasi kile kile, kila mmoja sekunde chache baada ya mwenzake. Mtu mmoja mwenye kadi iliyokwisha muda alikuwa anabonyeza "Lipa" tena na tena. Kwa mfumo yalikuwa matukio matano, kwa ukweli ni moja. Tangu hapo huwa nahesabu pia wateja waliokwama, siyo majaribio yao tu, na ukiwahesabu wao uwiano hushuka mara moja.

Utajuaje umefaulu: unaweza kusema, kwa kila saa, wastani wake na namna unavyoyumba bila kosa lolote kutokea.

## Hatua ya 3: Kokotoa kima cha chini

Swali la hatua hii ni moja: wastani uwe mkubwa kiasi gani ndipo kizingiti cha asilimia 50 kiwe kimeuacha mbali myumbo wa kawaida? Tukitaka kizingiti kiwe mara tatu ya myumbo, hesabu ni hii, ambapo `p` ni kizingiti kwa desimali:

```
kima = 9 / (p * p)
```

Tisa ni tatu mara tatu. Kwa asilimia 50, `p` ni 0.5, na 9 ÷ 0.25 ni 36. Hakiki: kipeuo cha 36 ni 6, mara tatu yake ni 18, na 18 ni nusu ya 36. Imekaa sawa.

Namba hiyo inachukulia kwamba msingi unaolinganisha nao unajulikana barabara. Haujulikani hivyo, nao unayumba. Ukitumia wastani wa wiki nane kama msingi, ongeza robo: 36 inakuwa 45. Ukilinganisha na wiki moja tu iliyopita, zidisha kwa takriban 3, na 36 inaruka hadi 108. Hiyo ndiyo gharama ya kulinganisha namba moja inayoyumba na nyingine inayoyumba, na ndiyo sababu nasisitiza wastani wa wiki kadhaa.

Mwisho, zidisha kwa uwiano wa mtawanyiko: 45 × 1.5 ni 67.5. Tunaweka 70.

Ukitaka kengele yenye masikio makali zaidi, kima kinapanda haraka. Kwa kizingiti cha asilimia 30, hesabu hiyo hiyo inatoa karibu 188. Kwa asilimia 20 inatoa karibu 422. Watu hufikiri kushusha kizingiti ni kugeuza namba moja kwenye mpangilio. Hapana. Kadiri badiliko unalotaka kulinasa linavyokuwa dogo, ndivyo unavyohitaji matukio mengi zaidi ili ulione.

Tahadhari juu ya namba 30. Wengi waliosoma takwimu kidogo huweka kima cha 30 kwa mazoea. Myumbo wa kawaida wa 30 ni takriban 5.5. Kizingiti cha asilimia 20 hapo ni matukio 6 tu, karibu sawa na myumbo mmoja, na kengele italia ovyo kama mwanzo. Kima kinatokana na kizingiti chako. Hakuna namba moja inayofaa kila kengele.

Utajuaje umefaulu: unacho kima kimoja, na unaweza kumweleza mwenzako kimetoka wapi kwa mistari mitatu ya hesabu.

## Hatua ya 4: Kiweke kwenye msingi, siyo kwenye namba ya sasa

Hapa ndipo kengele nyingi hupofushwa. Ukiandika "lia tu kama idadi ya sasa imefika 70", unaonekana umemaliza. Lakini fikiria kengele ya upande wa pili, ile inayopaswa kulia malipo yaliyofanikiwa yakishuka. Kawaida yako ni 900 kwa saa. Mtandao unakatika, yanakuwa 0. Namba ya sasa haijafika 70, kwa hiyo kanuni inasema sampuli ni ndogo mno, nyamaza. Kengele imezimwa na hitilafu ile ile iliyotakiwa kuitangaza.

Kwa hiyo kima hupimwa kwenye msingi, yaani wastani wa saa hiyo kwa wiki nane zilizopita. Msingi ukiwa 900, asilimia ina maana hata kama sasa ni sifuri. Msingi ukiwa 4, asilimia haina maana hata kidogo.

Hata hivyo, kuishia hapo kunaleta upofu mwingine. Msingi wa usiku ni 4. Lango la malipo linakufa saa nane usiku na malipo 300 yanafeli. Msingi haujafika 70, kanuni inanyamaza, na watu wanaamka asubuhi kukuta uharibifu. Kima cha chini kinakwambia tu mahali asilimia isipotumika. Hakikwambii kwamba hapo usiangalie.

## Hatua ya 5: Weka kanuni ya pili chini ya kima

Pale msingi ulipo chini ya 70, achana na asilimia na uhesabu matukio yenyewe. Kanuni ninayoitumia ni hii:

```
lia kama sasa >= msingi + 4 * SQRT(msingi)
```

Kwa usiku wetu: 4 jumlisha mara nne ya 2, unapata 12. Wastani ukiwa 4 kweli na matukio yakija moja moja, saa yenye 12 au zaidi hutokea kwa bahati chini ya mara moja katika saa 1,000. Ukiwa na saa sita za namna hiyo kila usiku, ni kengele moja ya uongo katika miezi mitano au zaidi. Hicho ni kiwango ambacho mtu wa zamu anaweza kuishi nacho.

Kwa nini mara nne, na siyo mara tatu kama kule juu? Sababu moja ni kwamba wastani ukiwa mdogo, mkia wa juu ni mrefu kuliko hesabu ya kipeuo inavyoonyesha. Ya pili ni kwamba mara nne inaunganika vizuri na kanuni ya asilimia. Msingi ukiwa 64, mara nne ya kipeuo chake ni 32, ambayo ni asilimia 50 kamili. Ukiwa 69, kizingiti kinatoka 102 hivi. Ukiwa 70, kanuni ya asilimia inasema 105. Kwa hiyo unapovuka kima, kizingiti hakirukiruki. Ukichagua asilimia nyingine, tafuta kizidisho kitakachokutana nayo vivyo hivyo mahali pa kima.

Bado kuna mahali pa chini kabisa. Msingi ukiwa 0, kanuni hii inatoa kizingiti cha 0 na kengele italia bila kukoma. Weka sakafu: kizingiti kisishuke chini ya 5. Kuacha asilimia hapo kunaondoa pia lile tatizo la kugawanya kwa sifuri linaloleta asilimia zisizo na mwisho.

Wengine hupendelea kurefusha kipindi badala ya kanuni ya pili, yaani kujumlisha saa kadhaa hadi kima kitimie. Ni njia halali, lakini piga hesabu kwanza. Kwa matukio 4 kwa saa, kufika 70 kunahitaji saa 17 na nusu. Kengele ya hitilafu inayochelewa kiasi hicho haifai kwa malipo. Kwa mambo yanayokwenda polepole, kama maombi ya kufuta akaunti, inafaa sana.

Utajuaje umefaulu: kwa msingi wowote, kuanzia 0 hadi maelfu, kanuni inatoa kizingiti kimoja kinachoeleweka.

## Hatua ya 6: Iandike

Kwenye lahajedwali, msingi ukiwa safu ya B na namba ya sasa safu ya C:

```
=IF(B2>=70, C2>=1.5*B2, C2>=MAX(5, B2+4*SQRT(B2)))
```

Inatoa `TRUE` pale kengele inapopaswa kulia. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, jedwali likiwa na safu `saa` na `idadi`:

```sql
WITH m AS (
  SELECT s.saa, s.idadi AS sasa, AVG(p.idadi) AS msingi
  FROM malipo_saa s
  JOIN malipo_saa p
    ON p.saa IN (SELECT s.saa - n * INTERVAL '7 days'
                 FROM generate_series(1, 8) AS n)
  GROUP BY s.saa, s.idadi
)
SELECT saa, sasa, msingi
FROM m
WHERE (msingi >= 70 AND sasa >= 1.5 * msingi)
   OR (msingi < 70
       AND sasa >= GREATEST(5, msingi + 4 * SQRT(msingi)));
```

Amri hii inategemea kwamba sifuri zimejazwa kama tulivyofanya katika hatua ya 1. Zikikosekana, haitatoa kosa lolote. Itakupa tu msingi uliovimba.

Wiki moja yenye hitilafu kubwa inaweza kuchafua wastani kwa wiki nane zinazofuata. Saa moja ya usiku yenye 300 inavuta msingi kutoka 4 hadi 41, na kizingiti kutoka 12 hadi karibu 67. Ama uitoe saa hiyo kwenye data mara hitilafu inapothibitishwa, au utumie namba ya kati badala ya wastani. Mimi hupendelea namba ya kati, kwa sababu kazi ya kutoa saa mbaya kwa mkono husahaulika.

## Hatua ya 7: Ijaribu kwa yaliyopita

Pitisha kanuni ya zamani na mpya juu ya wiki zote ulizonazo. Kwa mfano wetu, kanuni ya zamani inalia mara tatu usiku na haikosei hata moja katika kuamsha mtu bure. Kanuni mpya hailii: namba kubwa ya usiku ni 7, kizingiti ni 12. Mchana namba kubwa ni 140, kizingiti ni 180.

Ukimya peke yake haujathibitisha kitu. Sasa pandikiza hitilafu za kujitungia. Weka 15 kwenye saa ya usiku: lazima ilie. Weka 200 mchana: lazima ilie. Weka 300 usiku: lazima ilie, na hii ndiyo inayokamata wale walioishia hatua ya 4. Halafu chukua orodha yako ya hitilafu za kweli na uhakikishe kila moja ingepigiwa kengele.

Weka 150 mchana. Haitalia, kwa sababu ni asilimia 25 tu. Kama hitilafu zako za kweli zina ukubwa huo, una njia moja ya uaminifu: ongeza kengele ya pili inayojumlisha saa tatu. Msingi unakuwa 360, unavuka kima cha 270 ambacho hesabu ile ile inakitoa kwa asilimia 25, na unaweza kushusha kizingiti hadi hapo. Ukishusha hadi 20, kima ni 422, na itabidi ujumlishe saa nne. Kila hatua ya usikivu unailipia kwa kuchelewa.

Ukigawa data kwa njia za malipo, aina za simu au kurasa, rudia hesabu kwa kila kipande. Malipo 120 yakigawanywa kwa njia 40, kila njia inabaki na 3 kwa wastani, na umerudi usiku katikati ya mchana. Zaidi ya hapo, vipande 40 vikikaguliwa kila saa ni nafasi 960 za kukosea kwa siku. Kengele yenye kosa moja katika 1,000 italia bure karibu kila siku.

## Kama kengele yako ni ya kiwango, siyo idadi

Baadhi hufuatilia kiwango cha kufeli: waliofeli kugawanya kwa waliojaribu. Hapo kosa linalojirudia ni kuweka kima kwenye majaribio. Majaribio ni 1,000, yanaonekana mengi, lakini waliofeli ni 2. Saa inayofuata wamefeli 4, na kengele inatangaza kwamba kiwango kimepanda kwa asilimia 100. Majaribio elfu moja hayakusaidia lolote, kwa sababu kinachoyumba ni ile 2.

Weka kima kwenye namba ndogo ya zile mbili za msingi, waliofeli au waliofaulu. Kiwango cha kufeli kikiwa asilimia 0.2 na kima chako ni 70, unahitaji majaribio 35,000 katika kipindi kimoja kabla asilimia ya badiliko haijaanza kusema kweli.

## Ujumbe wa kengele uandikweje

Acha kutuma asilimia peke yake. Mtu aliyeamshwa usingizini anahitaji namba zote mbili, na kanuni gani imelia, ili aamue kwa sekunde tano kama atanyanyuka:

```
Malipo yaliyofeli 02:00–03:00
Sasa: 15   Msingi (wiki 8): 4   Kizingiti: 12
Kanuni: idadi (msingi chini ya 70)
Wateja tofauti: 14
```

Mstari wa mwisho niliuongeza baada ya yule mteja wa kadi iliyokwisha muda. Ukisomeka 1 badala ya 14, unaweza kurudi kulala.